Damu mwishoni mwa mkojo: kipimo cha asubuhi mapema hakikutosha

SWALI

Daktari, naomba ushauri kuhusu mpwa wangu wa miaka 11, anayesoma darasa la tano na kuishi kwangu hapa Lindi mjini. Alilelewa na bibi yake Rutamba, na kila likizo hurudi huko akashinda ziwani na wenzake. Tangu mwezi wa nane anatoa damu anapomaliza kukojoa: mkojo unaanza ukiwa wa kawaida, kisha matone ya mwisho yanakuwa mekundu, na anasema panamchoma kidogo. Nilimpeleka kupimwa asubuhi mapema kabla ya kwenda shule, tukaambiwa kichocho hakionekani, ila kuna usaha kidogo, hivyo ni yutiai. Alimaliza vidonge vya siku saba na damu haikukoma. Duka la dawa walinipa dawa ya minyoo, nayo haikusaidia. Wiki mbili zilizopita tulikwenda kwenye arobaini ya babu yake, akaingia tena ziwani. Wazee wa huko wanasema nisihangaike, kwa kuwa kila mvulana wa ziwani hupitia hali hiyo na huisha akikua. Ana kilo 28, hana homa, anakula na kucheza. Kama kipimo kimesema si kichocho, nitafute nini kingine?

Mjomba, Lindi

JIBU

Ndugu Mjomba, kipimo kile hakikusema kwamba mpwa wako hana kichocho. Kilisema kwamba katika mkojo ule, uliotolewa saa ile, yai la kichocho halikuonekana, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kwa mtoto wa umri huu, anayeoga katika ziwa la maji baridi na anayetokwa na damu mwishoni mwa mkojo, mimi ningekitilia shaka kipimo kabla ya kuutilia shaka ugonjwa. Kwa hiyo usianze kutafuta kingine. Rudi kwanza ukapime kile kile, lakini kwa mkojo unaofaa.

Ili uone kwa nini saa na namna ya kuchukua mkojo vina uzito mkubwa hivyo, ni lazima tuangalie damu hiyo inatoka wapi. Minyoo wa kichocho cha mkojo hawakai ndani ya kibofu, bali katika mishipa midogo ya damu inayokizunguka, dume na jike wakiwa wamekumbatiana, na jike hutaga mayai kila siku. Kila yai lina mwiba mdogo mkali kwenye ncha yake moja. Mayai hupenya ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo, lakini mengi hayafiki. Hukwama ndani ya ukuta huo, mwili ukapigana nayo, na mahali hapo pakavimba na kufanya vidonda vidogo vinavyotoa damu kwa urahisi. Kibofu kinapokuwa kimejaa, ukuta wake umenyooka na mkojo unapita bila kuvisumbua sana vidonda hivyo. Ni pale mwishoni, msuli wa kibofu unapojikaza kwa nguvu ili kutoa matone yaliyobaki, ndipo ukuta unapokamuliwa, damu ikachuruzika na mayai yakasukumwa nje pamoja nayo. Matone yale mekundu unayoyaona ndiyo yenye mayai mengi zaidi, na kwa kawaida ndiyo mtoto anayoyamwaga chooni baada ya kukijaza kikopo cha maabara kwa mkojo wa mwanzo.

Kabla ya kurudi kupima, fanya jambo moja nyumbani ambalo litamsaidia sana tabibu. Chukua vikombe vitatu vya plastiki vinavyoonyesha ndani, au kata chupa tatu za maji ya kunywa, na umwambie mtoto akojoe kidogo katika cha kwanza, sehemu kubwa katika cha pili na matone ya mwisho katika cha tatu, kisha uvitazame vyote kwenye mwanga wa jua. Ikiwa cha tatu peke yake ndicho chenye wekundu, au kina nyuzi nyembamba za damu zinazotulia chini baada ya dakika chache, basi chanzo kiko katika kibofu, hasa sehemu yake ya chini, na maelezo yako yanaafikiana na kichocho. Damu inayoonekana katika kikombe cha kwanza tu huelekeza kwenye njia ya nje ya mkojo, kwa mfano jeraha. Na ikiwa vikombe vyote vitatu vina rangi moja, hasa rangi ya kahawia kama chai ya rangi iliyokolea, mawazo yetu yanahama kutoka kwenye kibofu na kupanda kwenye figo.

Hapa inanibidi nitoke kidogo kwenye mstari, kwa sababu hali chache hazingoji kipimo cha kichocho. Mtoto mwenye mkojo wa kahawia aliyeamka na kope au uso uliovimba, hasa ikiwa wiki chache nyuma alikuwa na vidonda vya koo au vipele vya ngozi vilivyotunga usaha, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apimwe shinikizo la damu na figo. Vivyo hivyo mtoto mwenye homa ambaye mkojo wake umekuwa mweusi kama kahawa na macho yake yana umanjano, mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu anayeanza kukojoa damu, na mtoto ambaye ghafla anashindwa kabisa kukojoa ilhali tumbo la chini limejaa, kwa sababu bonge la damu linaweza kuwa limeziba njia. Katika uliyoyaandika sioni hata moja ya hizo, ndiyo maana naona una nafasi ya kufanya kazi hii kwa utaratibu.

Sasa turudi kwenye kikopo. Mayai ya kichocho cha mkojo hayatoki kwa kiasi kilekile mchana na usiku. Hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkojo wa asubuhi mapema kabla ya shule, ambao kwa magonjwa mengine ndio unaopendwa na maabara, kwa kichocho ndio unaotuangusha. Muombee mtoto ruhusa kwa mwalimu wake siku moja, umfikishe kituoni kwenye saa tano, akiwa amekunywa maji ya kutosha lakini hajakojoa kwa muda. Mwambie akimbie au aruke kamba kwa dakika kama kumi uwanjani, kwa kuwa mtikiso husaidia kuyaondoa mayai ukutani, kisha mara moja achukue kikopo. Aanze kukojoa chooni na akinge sehemu ya mwisho, mpaka tone la mwisho kabisa, hata kama litamchoma. Simama karibu umkumbushe, maana mtoto wa miaka 11 akiachwa peke yake hukinga ule unaotoka kwa kasi na kuuacha ule unaouma.

Mkojo huo upelekwe maabara papo hapo. Ukikaa muda mrefu kwenye joto letu, hasa ukiwa umechanganyika na maji, mayai huanguliwa na hadubini haitaona kitu. Muulize mtaalamu wa maabara kwa upole kama atauchuja au atautuliza apate mashapo, kwani tone moja lililochukuliwa juu ya kikopo na kuwekwa kwenye kioo linaweza kukosa kila kitu. Penye kichujio, mililita 10 za mkojo hupitishwa humo na mayai yote yakahesabiwa; pasipo na kichujio, mkojo huachwa utulie au huzungushwa kwenye mashine, na kinachotazamwa ni mashapo ya chini. Yai lenyewe ni rahisi kulitambua: ni refu kiasi, na mwiba wake uko mwishoni. Hakikisha pia kwamba wanapima mkojo na si choo, kwa sababu kichocho cha tumbo, ambacho kimeshika zaidi kando ya Ziwa Viktoria na mayai yake yana mwiba wa ubavuni, hutafutwa kwenye choo, ilhali katika ukanda huu wa pwani kinachotusumbua ni hiki cha mkojo.

Kama kipimo cha namna hii hakitaonyesha yai siku ya kwanza, kirudiwe siku nyingine mbili tofauti, kwa kuwa utokaji wa mayai hubadilika siku hadi siku. Pamoja nacho, kijiti cha kuchovya kwenye mkojo kinaweza kuonyesha damu hata pale ambapo macho hayaoni wekundu wowote. Kijiti hakisemi damu imesababishwa na nini, lakini mtoto wa ziwani ambaye kijiti chake kimegeuka rangi ana sababu ya kutosha ya kutazamwa tena. Na iwapo maabara iliyo karibu nawe haiwezi kufanya lolote kati ya haya, tabibu anaruhusiwa kuamua kwa dalili na historia peke yake, akampa mtoto dawa ya kichocho bila kusubiri yai lionekane. Dawa yenyewe ni salama kwa watoto wa umri huu, na madhara ya kuchelewa ni makubwa kuliko ya kidonge.

Ule usaha kidogo ulioonekana mwanzoni nao usikuchanganye. Ukuta wa kibofu uliochubuliwa na mayai huleta chembe nyeupe za damu kwenye mkojo hata kama hakuna bakteria, na ndiyo sababu watoto wengi wa kichocho huanza kwa kutibiwa yutiai. Yutiai na kichocho huweza pia kukutana kwa mtoto mmoja, kwa hiyo siwezi kusema kwamba vidonge vya siku saba vilitolewa bure. Ninachosema ni kwamba dawa za bakteria haziwagusi minyoo hawa. Dawa ya minyoo ya dukani nayo, yaani albendazo au mebendazo, huua minyoo ya tumboni kama minyoo duara na safura, lakini haina kazi kwa minyoo wanaoishi ndani ya mishipa ya damu.

Dawa inayowaua ni prazikwanteli. Hutolewa kwa dozi moja ya miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kidonge kimoja cha kawaida kina miligramu 600. Mpwa wako ana kilo 28, hivyo anahitaji miligramu 1,120, ambazo ni sawa na vidonge viwili kamili, kwa kuwa ile ziada ndogo haina tatizo. Shuleni, ambako mizani haipatikani kirahisi, watoto hupimwa kwa kijiti cha urefu, na mwenye kimo cha sentimita 125 hadi 138 hupewa vidonge viwili hivyo hivyo. Usimnunulie ukampa mwenyewe. Apewe na mtoa huduma baada ya kupimwa uzito upya, na kama amewahi kupata degedege au ana kifafa, mweleze tabibu kabla ya kupewa.

Ampe mtoto dawa akiwa ameshiba, tuseme baada ya ugali au wali wa mchana, wala si akiwa na njaa. Vidonge ni vikubwa na vichungu mno. Avimeze haraka kwa maji mengi bila kuvitafuna, na kama vinamshinda, vikatwe vipande kwenye mistari yake. Saa chache baadaye anaweza kusokotwa na tumbo, kusikia kichefuchefu, kizunguzungu au kuumwa kichwa, na mara nyingi mtoto mwenye minyoo wengi ndiye husumbuka zaidi. Hali hiyo kwa kawaida hutulia siku ileile au kesho yake. Wazazi wengine huiona wakadhani dawa imemdhuru mtoto, wakaapa kutompa tena, na mwaka unaofuata wakamzuia nyumbani siku ya kugawa dawa shuleni. Akitapika mara tu baada ya kumeza, mrudishe kwa mtoa huduma aamue kama dozi irudiwe.

Katika barua yako kuna sentensi moja ambayo inabadilisha mpango huu, nayo ni ile ya arobaini. Prazikwanteli huwaua minyoo waliokomaa, lakini kwa minyoo wachanga waliopenya ngozi wiki chache zilizopita nguvu yake ni ndogo sana. Mpwa wako ana makundi mawili ya minyoo kama dhana yangu ni sahihi: wakubwa wanaomtoa damu tangu mwezi wa nane, ambao aliwapata miezi mingi iliyopita, na huenda wengine wachanga aliotoka nao ziwani siku zile za msiba. Vidonge viwili vya leo vitawamaliza wengi wa kundi la kwanza na kuliacha la pili likiendelea kukua. Ndiyo maana nashauri, na umweleze tabibu hivyo, kwamba apewe dozi sasa na nyingine kama hiyo baada ya wiki sita hivi, wakati wale wachanga watakuwa wamefikia umri wa kuuawa na dawa. Familia nyingi huruka dozi hii ya pili, damu ikarudi baada ya miezi michache, na lawama ikaangukia dawa.

Usishangae pia kama damu haitakoma siku ya pili yake. Minyoo wakifa, mayai yaliyokwama ukutani bado yapo, na vidonda huhitaji wiki kadhaa kupona. Hata mayai yaliyokufa huweza kuendelea kutoka kidogo kidogo. Kipimo cha kuhakikisha kifanyike wiki sita hadi nane baada ya dozi ya mwisho, kwa mkojo wa mchana kama nilivyoeleza. Mayai yaliyo hai yakionekana, atameza tena. Mayai yakiwa yamekwisha lakini damu ingalipo, hapo ndipo swali lako la kutafuta kingine linapokuwa na nafasi, na hatua ya kwanza ni ultrasaundi ya kibofu na figo, ambayo huonyesha kama ukuta umekuwa mnene, kama kuna jiwe, au kama mirija ya figo imebanwa na mkojo unarudi nyuma. Kwa watoto, mabadiliko mengi ya ukuta wa kibofu hurudi katika hali nzuri ndani ya miezi kadhaa baada ya matibabu, jambo ambalo kwa mtu mzima aliyeishi na kichocho miaka mingi haliwi rahisi.

Hilo linanileta kwa wazee wa Rutamba, ambao siwadharau, kwa sababu wanachokisema wamekiona kwa macho yao. Ni kweli kwamba wavulana wengi wa kando ya maji hupitia kukojoa damu, na ni kweli kwamba wekundu hupungua wanapokua, kwa kuwa huacha kuoga ziwani kutwa nzima na mwili nao hujenga kinga ya kiasi. Lakini wekundu kutoonekana si minyoo kuondoka. Mnyoo mmoja huishi miaka mitatu hadi mitano kwa kawaida, wengine zaidi, na muda wote huo mayai yanaendelea kukwama ukutani. Mzee aliyekojoa damu utotoni na kuacha, akaja kuziba mkojo au kupata saratani ya kibofu akiwa na miaka 50, hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili wakati wa msiba wake.

Aliooga nao mpwa wako wako hatarini kama yeye, na hasa ningewataja wasichana. Damu yao mara nyingi hudhaniwa kuwa ni hedhi iliyowahi, na mayai kwao huweza kuingia hata kwenye njia ya uzazi. Ukimpigia simu bibi yao, mwambie binamu zake nao wapimwe mkojo wa mchana, na uulize ni wepi hawakuwapo shuleni siku dawa za kichocho zilipogawiwa.

Likizo ya Desemba inakuja, na sidhani utaweza kumzuia mtoto asiende kwa bibi yake, wala si haki kumzuia. Akae nje ya maji ya ziwa, hilo ndilo la msingi, kwa kuwa viluwiluwi vya kichocho hutoka kwenye konokono wadogo wa maji baridi, kwa wingi jua linapokuwa kali, na hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha ndani ya dakika chache. Kujifuta kwa taulo baada ya kuoga hakutoshi kuaminiwa. Maji ya ziwa yanayotekwa kwa ajili ya kuoga nyumbani yachemshwe, au yaachwe kwenye pipa lenye kifuniko kwa siku mbili kamili, kwani viluwiluwi hivyo havimalizi muda huo vikiwa hai bila kupata mwili wa kuingia. Kama hamu yake ni kuogelea tu, hapo Lindi mjini una bahari, na kwenye maji ya chumvi kichocho hakipo. Na mpaka dozi zote mbili zimalizike, asikojoe ziwani wala kandokando yake, maana mayai yake yakifika majini huanguliwa na kuwatafuta konokono, na wenzake ndio watakaoyapokea.

Iwapo pamoja na yote hayo atakuambia mwezi wa kwanza kwamba aliingia majini, usimkimbize maabara wiki hiyo, kwa sababu minyoo wapya huhitaji takriban miezi mitatu kabla mayai yao hayajaanza kuonekana kwenye mkojo. Andika tarehe kwenye daftari lake la kliniki, na umpeleke mwishoni mwa Machi, saa tano asubuhi, akiwa ametoka kukimbia.